Kufasiri Karatasi ya Picha: Maelekezo ya Kuunga Kabati kwa Mtu Aliye Peke Yake

Mwalimu mwanafunzi akipewa karatasi ya maelekezo iliyojaa picha na maneno machache ya kigeni, mara nyingi hudhani kwamba amepata kazi nyepesi. Maneno yote hayafiki arobaini, kamusi iko mezani, na picha zinajieleza zenyewe. Kwa kweli kazi hii ni ngumu kuliko kufasiri ukurasa mzima wa hadithi. Katika hadithi, neno moja likifasiriwa vibaya, sentensi inayofuata humrekebisha msomaji. Katika karatasi ya picha hakuna sentensi inayofuata. Kuna mkono ulioshika bisibisi, na mkono huo utafanya kama ulivyoambiwa.

Katika somo hili tutaonyesha jinsi ya kufasiri karatasi ya namna hiyo, hatua kwa hatua, kwa ajili ya mtu ambaye ataunga kabati akiwa peke yake chumbani, bila ya mtu wa kumsomea wala wa kumshikia. Mambo tutakayoyaeleza ni manne: namna ya kuvipa vifaa majina, namna ya kuyageuza maneno mafupi yawe amri kamili, namna ya kuishughulikia alama ya watu wawili, na namna ya kuufasiri ukurasa wa mwisho, ambao ndio unaoachwa mara nyingi na ndio wenye hatari kubwa.

Karatasi yenyewe

Samani zinazosafirishwa zikiwa mbao tupu katika boksi, ili mnunuzi aziunge mwenyewe nyumbani, zimeenea sana duniani. Kampuni ya Ikea, iliyoanzishwa Uswidi na Ingvar Kamprad mwaka 1943, ilianza kuuza samani za namna hiyo mnamo mwaka 1956. Kwa kuwa karatasi ileile hupelekwa katika nchi nyingi, watengenezaji wengi huona afadhali kuchora kuliko kuandika. Hata hivyo wapo wanaoongeza maneno mawili matatu chini ya picha, katika lugha ya nchi yao.

Kwa mfano wetu tuchukue kabati la vitabu lenye urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 28, lenye karatasi ya Kijerumani. Mbao zake ni chipbodi, yaani chembechembe za mti zilizogandishwa kwa gundi na kufunikwa ganda laini. Mbao A na B ni za pembeni. Mbao C, D na E zinalala baina ya hizo mbili: C juu, D katikati, E chini. Ubao F ni mwembamba nao hupigiliwa nyuma. Zaidi ya hizo kuna rafu tatu za kuingizwa mwishoni. Picha ziko 8, na kila picha ina namba yake.

Kabla ya kuandika neno lolote, mfasiri azitazame picha zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Jambo linaloonekana kuwa fumbo katika picha ya 3 huenda limefumbuliwa katika picha ya 5, nasi tutaona mfano wake punde.

Kuvipa vifaa majina

Ukurasa wa pili una picha za vifaa vidogo na idadi yake: vijiti 12 vya mti, skrubu 12 fupi za chuma, vyuma 12 vya mviringo vyenye mfuo wa bisibisi, na misumari midogo. Vyuma vya mviringo ndivyo vinavyofunga kabati. Skrubu hukazwa katika ubao wa pembeni, kichwa chake hubaki kimetokeza, kisha huingia ndani ya ubao wa pili na kukutana na chuma cha mviringo. Chuma hicho kikizungushwa kiasi cha nusu duara, hukamata kichwa cha skrubu na kuzivuta mbao mbili zigusane. Kazi yake ni ya komeo, kwa hiyo na tukiite komeo.

Hatukulichagua jina hilo kwa sababu ya kazi yake tu. Kiswahili hutumia viambishi vya ngeli badala ya kurudia jina, na viambishi hivyo vinaweza kumsaidia mwungaji au kumpoteza. Kama chuma cha mviringo tungekiita kifungo, na kipande cha mti tukakiita kijiti, basi amri “kiingize katika tundu” ingekuwa na maana mbili, nayo matundu yako mawili. Lakini tukisema komeo, kijiti na skrubu, kila kimoja kina kiambishi chake: lizungushe, kiingize, ikaze. Sikio la Mswahili hujua mara moja ni kipi kinachosemwa. Ubao na msumari haviwezi kutenganishwa kwa njia hiyo, maana vyote viwili vinasema “u”. Hapo hapana budi kulitaja jina lenyewe kila mara, hata kama sentensi inakuwa nzito.

Jambo la pili katika majina ni kwamba neno moja la kigeni huweza kuwa na vitu viwili. Katika Kijerumani, kijiti cha mti kinachounga mbao, na kipande cha plastiki kinachotiwa katika tundu la ukuta ili kishike skrubu, vyote huitwa kwa neno moja. Katika karatasi yetu neno hilo linaonekana chini ya picha ya 2 na tena chini ya picha ya 8. Mfasiri anayefuata kamusi bila ya kutazama picha atamwambia mwungaji atie kijiti cha mti katika ukuta wa saruji. Picha ya 2 inaonyesha ubao. Picha ya 8 inaonyesha ukuta wa chumba. Kwa hiyo tutaandika “kijiti” katika ile ya kwanza, na “kishikio cha plastiki” katika ile ya mwisho.

Hali kadhalika, Wajerumani huuita ubao wa nyuma wa kabati “ukuta wa nyuma”. Tukifasiri hivyo, msomaji atageuka autazame ukuta wa nyumba. Tuseme “ubao wa nyuma”, na neno “ukuta” tuliweke akiba kwa ajili ya ukurasa wa mwisho.

Jambo la tatu ni idadi. Karibu na picha ya 1 imeandikwa 6 na alama ya mara, na pembeni ya ubao imeandikwa 2 na alama hiyohiyo. Je, skrubu 6 ni za mbao zote mbili, au ni za kila ubao? Jibu liko katika orodha: skrubu zote ni 12. Kwa hiyo kila ubao unapata 6. Tuandike: “Kaza skrubu 6 katika ubao A. Kisha kaza skrubu 6 katika ubao B. Hakuna skrubu fupi itakayobaki.” Sentensi ya mwisho haimo katika karatasi, lakini imo katika hesabu yake, nayo humpa aliye peke yake njia ya kujisahihisha.

Maneno matatu ya hatari

Kijerumani cha karatasi hizi hutoa amri kwa kutumia kitenzi-jina, kama kwamba sisi tungesema “kukaza” tukiwa na maana ya “kaza”. Kitenzi hicho hakisemi kinamwamuru nani. Kiswahili hakiruhusu hivyo. Hatuna budi kuchagua baina ya “kaza” na “kazeni”. Kwa kuwa tunamwandikia mtu mmoja, tuseme naye kama mtu mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Akisoma “shikeni”, atajiuliza mwenzake ni nani.

Sasa tuyatazame maelezo matatu yaliyo chini ya picha.

Chini ya picha ya 1 kuna maneno yanayomaanisha “mpaka mahali pa kugonga”. Skrubu inakazwa mpaka ikome. Wanafunzi huandika “kaza mpaka mwisho” au “kaza sana”. “Kaza sana” ni kosa kubwa, kwa sababu chipbodi haina nyuzi kama mninga au mvule. Skrubu ikilazimishwa, tundu husagika likawa unga, nayo skrubu haitashika tena. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hasa, nacho ni kugota. “Kaza skrubu mpaka shingo yake igote kwenye ubao, kisha acha.” Shingo ni ule ukingo mdogo ulio chini ya kichwa, na katika picha umechorwa ndani ya duara la kukuzia. Skrubu isipogota, kichwa chake hutokeza mno na komeo halitaweza kuzunguka. Hii ndiyo sababu ya duara lile, na mfasiri asiyelitazama hufasiri nusu tu ya picha.

Chini ya picha ya 3 kuna maneno mawili: “upande wa kuonekana” na “chini”. Mtu akiyaunganisha hupata “upande unaoonekana chini”, maneno ambayo kwa Kiswahili yanamtaka msomaji atafute upande uliopo chini na kuonekana. Maana yenyewe ni kinyume: ule upande utakaoonekana kabati likishasimama, yaani mbele yake, ndio ulazwe sakafuni wakati wa kuunga. Ukingo wa mbele wa kila ubao umefunikwa ganda laini. Ukingo wa nyuma uko wazi na chembechembe zake zinaonekana. Kwa hiyo tusiseme mbele wala nyuma, maana kabati linapolala maneno hayo humchanganya mtu. Tuseme: “Ukingo laini uwe chini, juu ya kitambaa. Ukingo wenye chembechembe uwe juu, ukikutazama wewe.”

Chini ya picha ya 3 hiyohiyo, karibu na komeo, yameandikwa maneno matatu ambayo neno kwa neno ni “bado, si, kukaza”. Baadhi ya wanafunzi huandika “bado haijakazwa”, wakaifanya amri kuwa taarifa. Wengine huandika “usikaze bado”, na hapo wamekaribia, lakini wamemwacha msomaji bila ya kujua mpaka lini. Picha ya 5 ndiyo inayojibu, kwani hapo mshale wa nusu duara umechorwa kwenye kila komeo. Tafsiri kamili ni hii: “Zungusha komeo robo duara tu, ili lishike. Usilikaze sasa. Utayakaza makomeo yote katika hatua ya 5.”

Tena inafaa kusema sababu, kwa sababu aliye peke yake hushawishika kukaza mapema ili ubao usianguke. Mbao za C, D na E zikikazwa kabisa kwenye A kabla ya B kufika, hazina nafasi ya kuchezacheza hata kidogo, na kijiti kimoja kikiwa kimepinda kwa milimita moja, B hautaingia. Dalili yake ni mwanya: upande mmoja umegusana, upande mwingine una mwanya unaoingiza sarafu. Mtu akiona mwanya huo hukimbilia nyundo. Tumwambie asigonge, bali alegeze makomeo, asukume kwa kiganja, kisha ayarudishe robo duara.

Tafsiri ya hatua ya 3 hadi ya 5

Tunaweza sasa kuandika hatua hizi tatu kwa ukamilifu. Katika picha ya 3 na ya 4 wamechorwa watu wawili, kila mmoja ameshika ubao. Tutaona baadaye kwa nini tumeruhusu kazi hii ifanywe na mmoja. Maneno yaliyo katika mabano ya mraba ni ya mfasiri, si ya mtengenezaji.

Hatua ya 3. Tandika kitambaa sakafuni. Simamisha ubao A juu ya kitambaa kwa ubavu wake, ukingo laini chini. [Uegemeze kwenye dawati zito ili usianguke.] Chukua ubao C. Ukingo wake laini uwe chini. Sukuma vijiti vya C katika matundu ya A, kwenye ncha uliyoitia alama ya chaki. Zungusha makomeo mawili robo duara. Usiyakaze. [Sasa A na C vinasimama vyenyewe kama herufi L. Unaweza kuviachia.] Fanya vivyo hivyo kwa ubao D, kisha kwa ubao E. [Ukimaliza, kazi itafanana na chanuo lenye meno matatu.]

Hatua ya 4. Chukua ubao B. Ukingo laini uwe chini, skrubu zielekee kwenye chanuo. Anza na ubao D ulio katikati. Vijiti vya D vikiingia nusu, nenda kwenye C, kisha kwenye E. Sukuma kwa kiganja, kidogo kidogo, kwa zamu. Usigonge.

Hatua ya 5. Hakuna mwanya popote? Kama upo, rudi hatua ya 4. Kama haupo, zungusha kila komeo kufuata mwendo wa saa, nusu duara, mpaka lishike. [Komeo linalozunguka bila ya ugumu wowote halijakamata kichwa cha skrubu. Lirudishe, sukuma ubao, ujaribu tena.]

Msomaji ataona kwamba kila sentensi ina tendo moja, au mawili kwa uchache. Hii ni kwa sababu anayeunga peke yake husoma akiwa ameinama, huondoa macho karatasini, hutenda, kisha hurudi kutafuta alipoishia. Sentensi isiyoweza kukumbukwa kwa muda huo haifai. Vilevile mpangilio wa maneno umefuata mpangilio wa mikono. Hatukusema “kabla ya kukaza makomeo, hakikisha hakuna mwanya”, kwa kuwa mwenye haraka hukutana na neno “kukaza” kwanza na mkono wake ukaanza. Tumeutaja mwanya kwanza, kukaza baadaye.

Picha ya 6 haina neno hata moja. Inaonyesha kabati lililolala, na mishale miwili mirefu inayopishana kutoka pembe hadi pembe, na baina yake alama ya usawa wa hesabu. Mfasiri akisema “hapa hakuna maneno, basi hakuna la kufasiri”, ameacha hatua ambayo rafu na usawa wa kabati zinaitegemea. Picha inasema: pima kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili, vipimo viwe sawa. Kwa kabati la sentimita 180 kwa 80, kila kipimo kitakuwa karibu na sentimita 197, kama walimu wa hesabu watakavyothibitisha. Kipimo kimoja kikizidi kingine, sukuma pembe mbili za kile kirefu zikaribiane, mpaka vilingane. Ndipo ubao F upigiliwe misumari. Ubao huo ni mwembamba kama kadibodi, lakini ndio unaozuia kabati lisiyumbe. Ukipigiliwa wakati kabati limekaa upande, litabaki upande daima.

Alama ya watu wawili

Kwenye ukurasa wa kwanza pamechorwa mtu mmoja aliyepigwa mstari wa kukatazwa, na kando yake watu wawili wasio na mstari. Maana yake ni wazi: mtengenezaji hakubali kazi ifanywe na mmoja. Nasi tunamwandikia aliye mmoja. Tufanyeje?

Wapo wanaoiacha alama hiyo kwa kuona kwamba haimfai msomaji wao. Hilo halikubaliki. Mfasiri hana mamlaka ya kuondoa onyo. Wapo pia wanaoifasiri ukurasa wa kwanza na kuishia hapo, na mwungaji, kwa kuwa hana mwenzake, analipuuza onyo zima, pamoja na mahali ambapo ni la lazima kabisa. Njia iliyo bora ni kulifasiri onyo kama lilivyo, kisha kutenganisha, kwa maneno ya mfasiri yaliyotiwa alama, kazi ambazo mtu wa pili ni mshikaji tu na kazi ambazo mtu wa pili ni mbebaji.

Katika picha ya 3 na ya 4, mtu wa pili anashika ubao usianguke. Ubao wenyewe ni wa kina cha sentimita 28, na kilichoko sakafuni hakiwezi kumwangukia mtu kwa kishindo. Dawati zito hushika vizuri kama mkono. Katika picha ya 7 mambo ni mengine. Kabati lote linainuliwa kutoka kulala hadi kusimama. Uzito wake unaweza kufika kilo 20 na zaidi hata kabla ya rafu kutiwa, na mwenye kuinua peke yake hushika upande mmoja tu. Kabati hujipinda, makomeo huvutwa upande, na chipbodi hupasuka kandokando ya skrubu. Zaidi ya hayo likiteleza halina wa kulizuia. Dawati haliwezi kushika nafasi ya mtu hapa.

Kwa hiyo mwishoni mwa hatua ya 6 tunaandika kwa herufi kubwa: “SIMAMA HAPA. Usiinue kabati peke yako. Mwite mtu mzima mmoja akusaidie. [Kabati linaweza kulala hivi hata siku mbili bila ya kuharibika.]” Maneno ya mwisho yana kazi kubwa. Mtu huinua kitu peke yake kwa sababu anadhani hawezi kuacha kazi hapo. Tukimwonyesha mahali pa kupumzikia, atasubiri.

Ukurasa wa mwisho

Picha ya 8 inaonyesha kipande cha chuma chenye umbo la pembe kikiunganisha kichwa cha kabati na ukuta. Chini yake kuna sentensi moja, ndefu kuliko zote: skrubu na vishikio vya ukutani havimo katika boksi, navyo vichaguliwe kwa kadiri ya ukuta ulivyo.

Wafasiri wengi huiacha. Husema kabati limekwisha kusimama, rafu zimetiwa, na vifaa vyenyewe havikuletwa; basi hatua hii ni ya hiari. Ukweli ni kwamba vifaa havikuletwa kwa sababu mtengenezaji hajui ukuta wa msomaji ni wa namna gani. Ukuta wa saruji unahitaji tundu la keekee na kishikio cha plastiki. Ukuta wa mbao hauhitaji kishikio. Skrubu huingia moja kwa moja katika nguzo. Ukuta wa udongo hauwezi kushika skrubu kwa namna ya kuaminika, na hapo ni lazima kufunga kabati kwenye mhimili wa mti uliosimama imara.

Hatari tunayoisema si ya kubuni. Mwezi wa Juni 2016, kampuni ya Ikea pamoja na tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa zilitangaza kurudishwa kwa makabati ya droo yapatayo milioni 29 yaliyouzwa nchini humo, baada ya watoto wadogo kufa kwa kuangukiwa na makabati ambayo hayakufungwa ukutani. Kabati letu lina urefu wa sentimita 180 na kina cha sentimita 28 tu, yaani urefu unazidi kina mara sita. Mtoto wa darasa la kwanza anayetaka kitabu cha rafu ya juu hukanyaga rafu ya chini, na uzito wake wote huvuta kuelekea mbele.

Tafsiri yetu basi iwe hivi: “Hatua ya 8. Funga kabati ukutani kabla ya kupanga vitabu. Skrubu na vishikio vya ukutani HAVIMO katika boksi. Tazama ukuta wako ni wa nini, kisha nunua vinavyoufaa. [Usipojua, muulize fundi mwashi au seremala. Mpaka kabati lifungwe, lisiwekwe mahali ambapo watoto hupita.]”

Zoezi la chuoni

Tafsiri ya namna hii haijaribiwi kwa kusomwa mezani. Wanafunzi wagawanywe wawili wawili. Kila jozi itengeneze kabati dogo la kadibodi nene, lenye vipande sita, na vijiti vya kiberiti badala ya vijiti vya mti. Mwanafunzi wa kwanza achore picha zake na kuandika maelezo. Wa pili aunge akiwa na karatasi hiyo tu. Mwandishi akae kando, asiseme neno wala asioneshe kwa kichwa, bali awe na penseli na aweke alama kila mara mwenzake anapoinua macho kuuliza, anaporudi kusoma sentensi ileile mara ya pili, au anapogeuza kipande upande mwingine. Kila alama ni sentensi inayohitaji kuandikwa upya.

Mwishoni wajibu maswali haya matatu. Je, kuna kiambishi cha ngeli kinachoweza kumaanisha vifaa viwili? Je, kuna sentensi inayotaja tendo la pili kabla ya la kwanza? Je, kuna picha isiyo na maneno iliyopitwa bila ya kufasiriwa? Atakayejibu “ndiyo” kwa swali lolote aivunje kadibodi yake, aandike tena, na mwenzake aiunge upya tangu hatua ya kwanza.